Kufuata mzigo mjini: mara mbili kwa wiki au mara moja?

Njiapanda_Store
Wakuu habari. Nina duka la rejareja ndani ndani huko Mkuranga, vitu vya nyumbani vya kawaida. Kwa sasa nafuata mzigo mjini kila Jumatatu na Alhamisi. Nauli inanimaliza. Nataka kuhamia mara moja kwa wiki lakini naogopa kuishiwa bidhaa katikati. Wenye uzoefu, ipi bora?

Kijana_wa_Rangi3
Mara moja. Na usifike Kariakoo, ishia Mbagala Rangi Tatu. Sukari, mafuta, sabuni, vyote vipo, na unarudi kabla ya adhuhuri. Foleni ya Kariakoo unaipeleka wapi?

Mzee_wa_Mizani
Mdogo wangu, swali lako halina miguu. Unauza shilingi ngapi kwa siku? Safari moja inakula ngapi yote, siyo nauli ya basi tu? Na magari ya kusambaza yanayofika hapo kijijini yanakuja siku gani? Bila hayo tunabahatisha.

Chapchap
Kwani lazima uende? Mimi nampigia mtu wangu wa jumla, namtumia hela kwa simu, anapakia kwenye basi, nashusha barabarani. Sijaonekana Kariakoo tangu mwaka jana.

MamaDukani
Chapchap, siku utakayoletewa biskuti zilizobakiza wiki mbili kuisha muda ndiyo utajua kwa nini watu wanaenda wenyewe. Na bei ya kwenye simu siyo bei ya kusimama kaunta.

Chapchap
Mama, ni kuaminiana tu. Na nauli nimeokoa.

MamaDukani
Makato ya kutuma hela umeyahesabu?

Njiapanda_Store
Samahani wakuu, nilikuwa dukani. Mauzo ni kama 180,000 kwa siku. Safari moja: nauli kwenda na kurudi 7,000, mzigo kwenye basi 12,000, boda kutoka barabarani hadi dukani 8,000 (anapiga tripu mbili), kuli 3,000, mimi kula 4,000. Gari la soda linapita Jumanne, nachukua kreti za kama 150,000. Gari la unga linapita Ijumaa asubuhi, nahitaji wa 300,000 lakini mara nyingi linanikuta sina hela ya kutosha, nachukua nusu. Unga ukiisha nanunua kwa jirani wa jumla kwa bei ya juu.

Mkaloleni
Huku kwetu Kaloleni, Kilifi, gari la unga huja Alhamisi na mwenye gari hukuachia mzigo, ulipe akirudi wiki ijayo. Mwambie akupe hivyo. Mimi Mombasa huenda mara moja kwa mwezi tu, vitu vidogo vidogo.

Njiapanda_Store
Mkaloleni, mali kauli huku hawampi mtu hivi hivi. Nilishaomba, nikaambiwa nilete mdhamini.

Mzee_wa_Mizani
Sasa tunaongea. Tatizo lako siyo idadi ya safari, ni siku ulizochagua.

Tuanze Ijumaa gari la unga likishaondoka. Unauza Ijumaa, Jumamosi, Jumapili: 540,000. Jumatatu unaibeba yote mjini. Mauzo ya Jumatatu yanalipa soda Jumanne. Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano umeuza tena 540,000, toa soda 150,000, umebaki na 390,000. Alhamisi unaipeleka hiyo nayo mjini! Ijumaa asubuhi gari la unga linakukuta na mauzo ya siku moja, 180,000, wakati unahitaji 300,000. Unakauka mwenyewe siku moja kabla ya mtu anayekuletea mzigo mlangoni bila nauli.

Nenda Jumatano peke yake. Siku tano kuanzia Ijumaa ni 900,000, toa soda, unaenda na 750,000. Mauzo ya Jumatano na Alhamisi ni 360,000, yanalipa unga wote na 60,000 inabaki. Safari mbili zinakula 68,000 kwa wiki. Moja yenye mzigo mkubwa, tuseme 45,000 kwa kuwa boda na basi watapandisha.

Kijana_wa_Rangi3
Nilisema mara moja 😀

Mzee_wa_Mizani
Ulisema bila kujua gari la unga linakuja lini.

MamaDukani
Mzee, hesabu nzuri, ila nina swali kwa mwenye duka. Hiyo 180,000 ni hela mkononi au na ya daftari imo? Na ya kula nyumbani inatoka wapi?

Njiapanda_Store
Hapo umenishika. Kama 30,000 kwa siku ni za daftari. Wengi wanangoja hela ya korosho. Nyumbani tunatoa kidogo kidogo kwenye droo, siandiki.

MamaDukani
Basi mkononi ni 150,000. Jumatano unaenda na 600,000, siyo 750,000, na Ijumaa mauzo ya siku mbili yanatosha unga tu, haibaki hata ya mboga. Droo ikitolewa 10,000 kwa siku, gari la unga linakukuta umepungukiwa 20,000.

Mzee_wa_Mizani
Kweli kabisa mama. Basi 20,000 ya unga aitenge Jumanne usiku kwenye bahasha, asiibebe mjini. Ila daftari likiendelea kukua mpango wote unalegea, hilo sina dawa.

Kirikuu_Na_Mimi
Kwanini usishirikiane na wenzako wa kijijini mkakodi kirikuu? Boda tripu mbili ni utumwa.

MamaDukani
Kirikuu cha kushirikiana usiniambie. Mwaka juzi, masika, tulichangia watu watatu. Mmoja wetu akabeba dumu la mafuta ya taa, kifuniko kimefungwa kwa nailoni. Mimi nilipanda mbele na dereva, sikuona walivyopanga nyuma. Barabara ya vumbi imegeuka tope, gari linayumba, dumu limelala juu ya viroba vyangu viwili vya sukari na katoni za majani ya chai. Tulipofika harufu ilitupokea kabla ya turubai kufunuliwa. Kiroba kimoja kilikuwa kimelowa upande, nikadhani nitaokoa sukari ya katikati. Nikakorogea chai. Mume wangu aliimwaga kabla hajameza. Mwenye dumu akasema aliyepanga mzigo ni dereva, dereva akasema yeye anaendesha tu. Sikulipwa hata senti, na mpaka leo tukikutana msikitini tunasalimiana kwa mbali.

Kirikuu_Na_Mimi
Pole mama. Lakini hilo ni kosa la dumu, siyo la kirikuu. Mnakubaliana kabla: mafuta ya taa hayapandi.

Kijana_wa_Rangi3
Na kila mtu aandike jina kwa maka peni kwenye kila katoni, ahesabu vipande wakati wa kupakia na kushusha.

Mkaloleni
Ndugu zangu, kirikuu ni nini?

Chapchap
Kipikapu kidogo kile cha mizigo. Na kama angepiga simu wala asingekihitaji.

Njiapanda_Store
Nimeanza na Jumatano hii. Nimekwenda na 570,000, sukari viroba viwili, mafuta, sabuni. Boda amekataa 8,000, anataka 12,000. Gari la unga tutaliona kesho. Kuna anayejua kama wale wa soda wanaweza kuhamisha siku, waje Jumatatu?

Mzee_wa_Mizani
Wao wanafuata njia yao, hawafuati droo lako. Lakini muulize kijana wa oda, haina gharama. Wiki hii daftari limepanda au limeshuka?

Njiapanda_Store
Limepanda.