Likizo ya uzazi: wiki 12 mshahara kamili au wiki 18 kwa theluthi mbili? Naomba mnisaidie hesabu

MamaKijacho_Ilazo
Wakuu habari zenu. Nafanya kazi kwenye taasisi binafsi hapa Dodoma, natarajia kujifungua mwezi wa 11. Jana afisa utumishi kaniita, kaniambia nichague. Chaguo la kwanza ni siku 84 kwa mshahara kamili. La pili ni wiki 18 kwa theluthi mbili ya mshahara. Mshahara wangu ni 1,300,000. Moyo unanituma kwenye wiki 18 kwa sababu ya mtoto, ila naogopa kupunjwa. Ipi inanipa hela nyingi? Jibu wanalitaka Ijumaa.

Kiongozi_wa_Kizota
Hongera dada. Hesabu ni nyepesi. Milioni 1.3 gawanya kwa 4 unapata 325,000 kwa wiki, mara 12 ni 3,900,000. Theluthi mbili ni kama 866,000 kwa mwezi, na wiki 18 ni miezi minne na zaidi kidogo, kwa hiyo ni 3,600,000. Chukua wiki 12, unawazidi laki tatu.

Mhasibu_Makulu
Kiongozi, hapo umechanganya vipimo viwili. Kwenye wiki 12 umehesabu kana kwamba mwezi una wiki nne kamili, kwenye wiki 18 ukarudi kwenye kalenda. Jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 linageuza mshahara wa mwezi kuwa wa wiki kwa kugawa kwa 4.333. Kwa hiyo 1,300,000 ni kama 300,000 kwa wiki.

Sasa tazama. Wiki 12 mara 300,000 ni 3,600,000. Wiki 18 mara 200,000 ni 3,600,000. Ni hela ileile, kwa sababu theluthi mbili ya 18 ni 12. Aliyeitunga hiyo ofa alijua anachofanya. Hakuna shilingi iliyoongezwa, na zile wiki sita za ziada hazina malipo. Mshahara wako wa wiki 12 umenyooshwa tu hadi ufike wiki ya 18.

Kabla sijaenda mbali naomba majibu. Hiyo 1,300,000 ni mshahara wa msingi au ni pamoja na posho? Ni kabla ya makato au ndiyo unayoipokea mkononi? Mkataba wako ni wa muda gani na unaisha lini? Una siku ngapi za likizo ya mwaka hujazitumia?

Mtumishi_Chamwino
Sijui kwa nini mnazunguka. Siku 84 mshahara kamili ndiyo sheria, na ukijifungua mapacha ni 100. Mke wangu ni mwalimu, kapumzika siku zake na hakuna aliyemletea habari za theluthi. Ahamie serikalini.

MamaKijacho_Ilazo
Ahsanteni. Mhasibu, 1,300,000 ni mshahara wa msingi kabla ya makato. Kuna posho ya usafiri ila hulipwa kwa siku za kazini tu. Mkataba ni wa miaka miwili na unaisha tarehe 31 Januari. Likizo ya mwaka nimebakiwa na siku 21. Likizo ya uzazi nimeombea ianze tarehe 3 Novemba.

Mhasibu_Makulu
Hiyo tarehe ya mkataba ndiyo ilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza, dada yangu.

Ukianza tarehe 3 Novemba, siku ya 84 ni tarehe 25 Januari. Yaani kwa chaguo la kwanza unamaliza likizo, na 3,600,000 yote imeshaingia kabla mkataba haujafika mwisho. Kwa chaguo la pili, mpaka tarehe 31 Januari utakuwa umelipwa siku 90, ambazo ni kama 2,570,000. Inayobaki ni zaidi ya milioni moja, na itakuwa upande wa pili wa mkataba ambao hakuna aliyekuahidi kuufungua upya. Je, wamekuandikia popote kwamba mkataba utaongezwa?

MamaKijacho_Ilazo
Hapana. Meneja alisema kwa mdomo nisiwe na wasiwasi.

Binti_Kondoa
Mdogo wangu, soma hili taratibu.

Mimi nilikuwa kampuni moja hapa mjini, siitaji. Niliambiwa kama wewe, ila yangu ilikuwa nusu mshahara kwa wiki 24. Ukipiga hesabu ni wiki 12 zilezile. Nilikubali kwa mdomo, tena nilishukuru, kwa sababu ni mtoto wangu wa kwanza na mama yangu yuko Kondoa hawezi kuja kukaa nami. Miezi ya mwanzo hela iliingia vizuri. Wiki ya 16 mkataba ukafika mwisho. Sikuitwa, sikuandikiwa. Nilikuwa kwenye benchi la kliniki na mtoto mgongoni, nasubiri ujumbe wa benki nikanunue dawa tuliyoambiwa haipo dirishani, na ujumbe haukuja. Nikapiga simu kwa mhasibu wao, akaniambia wewe si mfanyakazi wetu tangu mwisho wa mwezi.

Piga hesabu: wiki 16 za nusu mshahara ni wiki 8 za mshahara kamili. Wiki nne zangu ziliishia kwao. Nilipopata nguvu ya kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mtoto alikuwa na miezi minane. Pale nikaambiwa madai ya namna ile yana siku 60 tangu mgogoro uanze, na nimechelewa, kwa hiyo kwanza niombe kuongezewa muda na nieleze sababu. Mtoto mdogo, nauli, makaratasi. Niliacha. Mpaka leo nikiipita ofisi ile roho inaniuma.

Chukua hela yako ikiwa bado ni yako.

Mzee_wa_Mpwapwa
Pole sana binti Kondoa. Ila tusimtishe mwenzetu. Ofa ya wiki 18 inaweza kuwa ya nia njema. Mtoto wa miezi mitatu bado ni mchanga, na vumbi na upepo wa Dodoma mnaujua. Sheria inasema angalau siku 84, mwajiri akitoa zaidi si kosa.

Mhasibu_Makulu
Mzee shikamoo. Kutoa siku zaidi si kosa. Shida iko kwenye malipo ya zile 84 za mwanzo. Sheria inataka siku 84 zenye malipo. Ikifika wiki ya 12, kwa theluthi mbili atakuwa amepokea 2,400,000 wakati alistahili 3,600,000. Hiyo 1,200,000 mwajiri anaishikilia na kuilipa polepole. Kama nia ni njema, waandike hivi: wiki 12 kamili, halafu wiki sita za ruhusa bila malipo. Jumla haibadiliki, na hakuna atakayekuwa anamdai mwenzake.

Mzee_wa_Mpwapwa
Marahaba. Lakini kama jumla ni sawa na mfanyakazi mwenyewe ameridhia kwa maandishi, sioni sheria iliyovunjwa. Wako wanaopenda hela ije kidogo kidogo isiishe.

Mhasibu_Makulu
Hapo wanasheria wanaweza kubishana, mimi nasema la hesabu. Na kwa haki kabisa kuna jambo moja linaloipa nguvu theluthi mbili, nalo ni kodi.

Kwa 1,300,000 unakatwa NSSF 130,000, PAYE 179,000, mkononi 991,000. Kwa 866,667 unakatwa NSSF 86,667, na PAYE inashuka hadi 73,000, mkononi 707,000. Theluthi mbili ya 991,000 ingekuwa kama 661,000. Kwa hiyo kila mwezi unapata kama 46,000 zaidi ya ulivyotegemea, kwa sababu ile sehemu ya juu ya mshahara inayokatwa 30% haipo tena. Kwa wiki zote 18 faida ni kama 190,000 mkononi. Ukiweka hiyo 190,000 upande mmoja, na zaidi ya milioni moja inayovuka mwisho wa mkataba upande wa pili, uamuzi ni wako.

Kiongozi_wa_Kizota
Nimekuelewa kuhusu 4.333. Ila mbona hamsemi NSSF wanatoa fao la uzazi? Akachukue huko, achague wiki 18 akae na mtoto kwa raha.

Mhasibu_Makulu
Fao lipo, lakini lina masharti: michango isiyopungua miezi 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Mkataba wake ni wa miaka miwili. MamaKijacho, uliwahi kuchangia kazi nyingine kabla ya hii? Michango ya zamani inahesabika, nenda kachukue taarifa yako.

MamaKijacho_Ilazo
Nilichangia Morogoro kama mwaka na nusu, nitaenda kuangalia. Samahani, kuna kingine sikusema. Nina mkopo benki, marejesho 240,000 kila mwezi, yanakatwa kwenye mshahara.

Binti_Kondoa
Dada, na hilo ulilificha?

Mhasibu_Makulu
Benki haitakata theluthi mbili ya rejesho. Mwezi wa mshahara kamili unabaki na 751,000. Mwezi wa theluthi mbili unabaki na 467,000. Je, 467,000 inatosha kodi ya nyumba Ilazo, chakula, na msaidizi wa nyumbani?

Mimi ningefanya hivi. Siku 84 kamili, zinaisha 25 Januari. Kabla ya hapo upate barua ya mkataba mpya. Ukiipata, unganisha zile siku 21 za likizo ya mwaka, ni wiki tatu za mshahara kamili. Unakuwa umekaa na mtoto wiki 15 na jumla ni 4,500,000 kabla ya makato. Bado wiki tatu tu kuzifikia zile 18, na hizo unaweza kuomba bila malipo.

Mzee_wa_Mpwapwa
Lakini hapo umemlia likizo yake ya mwaka. Kwenye theluthi mbili siku 21 zinabaki zake. Usizihesabu kama faida.

Mhasibu_Makulu
Ni kweli mzee, zile 900,000 ni za siku zake mwenyewe. Nilichotaka kuonyesha ni kwamba muda wa kukaa na mtoto unapatikana bila kumwachia mwajiri mshahara wake.

Nkuhungu_Leo
Msisahau akirudi kazini ana haki ya kunyonyesha hadi saa mbili ndani ya muda wa kazi. Mimi nilikuwa nakaa Nkuhungu, ofisi Njedengwa. Kwenda na kurudi kwa daladala saa mbili zote zinaishia njiani. Nikaomba niunganishe, nitoke saa nane badala ya saa kumi, wakakubali. Kuhusu msaidizi, tafuta mapema, wa kulala ndani wamekuwa adimu.

Mtumishi_Chamwino
Wa kulala ndani siku hizi mnawalipa shilingi ngapi huko mjini? Sisi tunahangaika.

Nkuhungu_Leo
Inategemea kama anafua na kupika au ni mtoto tu. Njoo tuongee pembeni.

MamaKijacho_Ilazo
Nimesoma yote. Kesho naomba kwa maandishi mambo mawili: wiki 12 zilipwe kamili, na wanieleze msimamo wa mkataba baada ya 31 Januari. Mume wangu bado anataka wiki 18, anasema hiyo faida ya kodi si ndogo. Nitarudi na majibu yao.

Mpya_Kibaigwa
Na mimi naomba kuuliza hapahapa. Mimi nalipwa kwa siku, si kwa mwezi, na ujauzito una miezi mitano. Hizo siku 84 zangu zinahesabiwaje, na Jumapili ambazo sifanyi kazi?