Naomba ushauri: maneno ya tangazo langu la futari yana kasoro?

Habari zenu ndugu zangu. Nauza sambusa, kaimati na juisi hapa Tanga. Mimi ni Mkristo, wateja wangu wengi ni Waislamu, na sitaki kuwaumiza. Nimeandaa tangazo hili:

"Njaa imekushinda? Njoo, hatumwambii mtu! Ofa hadi Idd, Ijumaa."

Jirani yangu, mama wa Kiislamu, alilisoma akanyamaza. Baadaye akaniambia, "Mwanangu, hapo unamtania mtu kwa ibada yake." Nilidhani nataja njaa tu, kumbe nimemwalika mtu avunje saumu kwa siri. Utani huo nimeufuta. Sasa nimeandika: "Futari yako iko tayari kabla ya adhana ya Magharibi. Agiza kabla ya saa kumi jioni."

Siku ya Idd nayo nimeitoa, maana hutegemea kuandama kwa mwezi, na Ramadhani huwa siku 29 au 30. Nimeweka "hadi mwezi utakapoandama".

Kilichobaki ni picha. Inaonyesha mkono wa kushoto ukipeleka tende mdomoni, na nyuma jua la mchana linawaka. Nahisi nipige nyingine: mkono wa kulia, magharibi. Pia mchoraji ameweka Bismillahi kwa Kiarabu kwenye mfuko wa karatasi, nami naogopa kwa sababu mifuko hiyo huishia jalalani.

Bismillahi niiondoe kwenye mifuko tu, au hata kwenye tangazo la simu? Na "Ramadhani Karimu" kutoka kwa muuzaji Mkristo mnaipokeaje?