UZI WA MALALAMIKO: Wamegeuza ramani ya moto ya hoteli eti kwa sababu maandishi ni ya Kiarabu

Tarjumani:

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kazi yangu ni kutafsiri Kiarabu. Wakala mmoja alinipa maandishi ya ramani ya moto ya hoteli, ile inayobandikwa nyuma ya mlango wa chumba: majina ya vyumba, milango ya kutokea, ngazi, na ufunguo wa alama chini yake. Mchoro wenyewe hawakuwa nao, walikuwa na picha iliyopigwa kwa simu. Nikatafsiri, nikarudisha. Leo nimeletewa faili la mwisho, tayari kwenda kuchapwa, nipitie tahajia. Tahajia tu, wamesisitiza.

Maneno ni yangu na yako sawa. Jengo ndilo si lenyewe.

Wamegeuza picha nzima, kushoto kukawa kulia, kama unavyoiona kwenye kioo, kisha wakaandika Kiarabu juu yake. Nilipouliza, mchoraji akanijibu kwamba Kiarabu husomwa kutoka kulia, kwa hiyo kila kitu lazima kigeuke. Kila kitu! Ukurasa hugeuka, sikatai. Jedwali hugeuka. Ufunguo wa alama nao ni haki yake ugeuke: alama ikae kulia, maelezo yaanzie hapo yaelekee kushoto. Lakini ukuta haugeuki. Ngazi za zege hazihami upande kwa sababu mgeni anasoma Kiarabu.

Chukueni chumba 214. Kwenye picha waliyopiga, ukitoka mlangoni ngazi ziko mkono wa kushoto: unapita 212, 210, 208, umefika. Mkono wa kulia kuna 216, 218, halafu stoo, halafu ukuta. Mwisho. Kwenye faili lao, ngazi ziko kulia na ule ukuta uko kushoto. Mshale wa kijani umechorwa vizuri kabisa, unamwelekeza mgeni kulia. Korido ikijaa moshi, taa zimezimika, mtu anatambaa ameshika ukuta, atafuata alichokiona mlangoni na ataishia kwenye mlango wa stoo.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba kosa hili halionekani. Ukigeuza picha yenye maandishi, herufi hugeuka pia na mtoto mdogo atakwambia. Hapa maandishi yote ya zamani yamefutwa na mapya yameandikwa yakiwa wima, namba za vyumba zikiwemo, kwa hiyo ushahidi umefutwa nao. Hata yule mtu anayekimbia kwenye alama ya kijani hasaidii, maana alama hiyo ipo halali ya kwenda kushoto na ya kwenda kulia. Mimi nilishtushwa na mtungi wa kuzimia moto. Kwenye ufunguo mwali umechorwa upande mmoja wa mtungi, kwenye ramani mwali uko upande wa pili. Ufunguo walibandika alama mpya, ramani wakaiacha na zile za picha iliyogeuzwa. Nikaanza kufuatilia vyumba kimoja kimoja.

Na bado. Picha ilipigwa kwa flashi, na flashi ikang'aa palepale mwisho wa korido, kando ya stoo. Pale palipoungua kwa mwanga, mchoraji amepaka nyeupe na kuendeleza mistari ya korido hadi ukingoni. Ukuta umetoweka. Kwa hiyo sasa upande usio na njia unaonekana kama una njia!

Nimewaandikia. Jibu: "Tunaomba maoni ya lugha pekee."

---

Mwanamji:

Samahani mkuu, lakini Kiarabu cha nini hapo? Moto ukiwaka nani anasimama kusoma? Wangeacha Kiingereza na alama, basi.

Tarjumani:

Ndugu, mgeni haisomi moto ukiwa unawaka. Anaisoma usiku wa kwanza, ameketi kitandani, macho yakitua mlangoni. Na kama usemavyo watu wanaangalia mchoro kuliko maneno, basi hasira yangu iongeze maradufu, maana maneno yako sawa na mchoro ndio uliopotoshwa.

---

Chora_Nyumba:

Mimi ni mchoraji wa majengo. Naona unakuza jambo. Ramani hizi huwa hazifanani hata ndani ya hoteli moja. Nenda chumba cha upande wa pili wa korido, utakuta ngazi zimehamia kulia. Ni kawaida, ramani hupangwa kulingana na anayeitazama. Kiwango cha ISO 23601 kinataka hivyo. Kwa hiyo picha kugeuka si lazima iwe kosa.

Mlinzi_wa_Zamu:

Hilo la upande wa pili nalijua vizuri. Pale ninapolinda walichukua ramani ya mlango mmoja wakatoa nakala wakabandika milango yote. Vyumba vya upande ule, ramani iko sawa. Vyumba vya ng'ambo, ukisimama mlangoni kushoto kwenye karatasi ni kulia kwako. Nimelalamika mpaka nimechoka, naambiwa "alama ya upo hapa tumeisogeza". Wameisogeza kweli, lakini karatasi haijazungushwa.

BabaFonti:

Chora_Nyumba, kiwango umekitaja sawasawa ila umekitumia vibaya. Kinachotakiwa ni kwamba kilicho kushoto kwa mtazamaji kiwe kushoto kwenye ramani. Ili kulipata hilo kwa mlango wa ng'ambo, unaizungusha karatasi nusu duara. Kuzungusha hakuharibu kitu: chukua ramani nzuri, izungushe utakavyo, bado ni jengo lilelile. Iliyopinduliwa kama kwenye kioo ni jengo jingine. Izungushe asubuhi hadi jioni, hutapata upande wowote ambao italingana na korido.

Tena kuna jaribio la mtu yeyote. Fungua mlango wa 214, toa kichwa, angalia namba ya mlango wa jirani mkono wa kushoto. Ukikuta 212 na ramani uliyoitazama mlangoni inasema 216, ramani ni mbovu. Halafu unaangalia vyumba vya upande unaokukabili: vikikubali ramani ikizungushwa, kosa ni lile alilolieleza Mlinzi, la kubandika bila kuzungusha. Visipokubali kwa namna yoyote, ni kosa lile alilolieleza Tarjumani, la kupindua.

Mlinzi, kwenu dawa ni rahisi: tengenezeni toleo la pili lililozungushwa, maandishi yaandikwe upya yasimame wima.

Chora_Nyumba:

Sawa, kuzungusha na kupindua nimevichanganya. Lakini bado nasema tatizo la kwanza ni kufanyia kazi picha ya simu. Picha ikipigwa kwa mshazari, korido inakuwa nyembamba upande mmoja, alama ya mtungi inaonekana iko mlango wa pili badala ya wa kwanza. Hata wasingepindua, nisingeikubali. Apatikane mwenye mchoro wa jengo, au mtu aingie pale na futi apime.

Tarjumani:

Hapo tuko pamoja kabisa. Picha ya simu inatosha kunipa maneno ya kutafsiri. Kuwa ramani yenyewe, haitoshi.

---

Bi_Kalamu:

Shikamooni. Nami nafanya kazi za Kiarabu kwenye picha. Nina maswali mawili. Kwanza, kwenye kibandiko kimoja neno مخرج linanitokea herufi zimeachana, mimu iko kushoto kabisa na jimu kulia kabisa. Natumia Paitoni na Pillow. Pili, kwenye ufunguo, kwa programu nyingine, niliandika غرف 201-215 lakini kwenye picha 215 imekaa kushoto na 201 kulia. Nayo nigeuze?

BabaFonti:

Marahaba dada. La kwanza ni kosa. Mimu, khe na re zinatakiwa zishikane kuanzia kulia, jimu ndiyo inayosimama peke yake mwishoni, kwa sababu re haishiki herufi inayoifuata. Usiyejua Kiarabu angalia hilo tu: herufi zote nne zikiwa zimesimama mbalimbali, programu haijui kuunganisha. Kwenye Pillow angalia hivi:

```python
from PIL import features
print(features.check("raqm"))
```

Ikijibu `False`, huna maktaba ya kupanga herufi, ndiyo maana zinaachana na kuanzia kushoto. Isakinishe. Wengi hukimbilia `arabic_reshaper` na `get_display`, na zinasaidia pale raqm haipo. Balaa ni kutumia vyote kwa pamoja: `get_display` inageuza mpangilio, raqm inaugeuza tena, unapata neno lenye maumbo ya kuunganishwa ila linasomeka kinyumenyume. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu kwa asiyejua linaonekana zuri.

La pili, usiguse. Msomaji wa Kiarabu anatoka kulia, anakutana na 201 kwanza, kisha 215. Ndivyo inavyotakiwa baada ya neno la Kiarabu. Ukigeuza kwa mkono ndio utakuwa umeharibu.

Bi_Kalamu:

Mteja wangu hasomi Kiarabu, akiona 215-201 atairudisha tu.

BabaFonti:

Basi ondoa kistari. Andika غرف من 201 إلى 215. Hakuna atakayeuliza. Na namba zenyewe ziandike kwa umbo lilelile lililo kwenye milango. Mlango ukiwa na 214, ramani isiseme ٢١٤, kwa sababu mgeni anatafuta kile anachokiona mlangoni.

---

Tarjumani:

Nawaletea habari. Wakala amejibu tena. Anasema hoteli imeshaidhinisha faili na kazi ya uchapaji imepangwa. Aliyeidhinisha aliangalia nini? Aliona Kiarabu kizuri, rangi ya kijani, mishale, akatia saini. Hakuna aliyesimama mlangoni pa 214 akiwa na karatasi mkononi. Na mkataba wangu unanikataza kuzungumza na mteja moja kwa moja.

Mlinzi_wa_Zamu:

Vunja mkataba. Piga simu hoteli, omba msimamizi wa usalama, usiombe mapokezi.

Chora_Nyumba:

Usivunje haraka hivyo, ndugu. Mwandikie wakala kwa maandishi kwamba huidhinishi, ambatanisha picha mbili kando kwa kando, ya simu na faili lao, zungushia ngazi kwenye zote. Ukienda kwa mteja bila hiyo barua utageuziwa kibao wewe.

Mwanamji:

Na wakichapa wakati unasubiri majibu ya barua?

Tarjumani:

Ndicho kinachoniumiza. Picha mbili nimeshaziweka pamoja, ngazi nimezizungushia kwa rangi nyekundu, na ule ukuta uliofutwa nimeuchora upya. Barua inaondoka sasa hivi, nimewapa hadi kesho saa nne asubuhi wasimamishe uchapaji. Wakikaa kimya hadi saa hiyo bila jibu, nampigia msimamizi wa usalama wa hoteli, mkataba utajijua wenyewe. Kama kuna mtu humu amewahi kupita njia hiyo akashtakiwa, aniambie usiku huu alichojibu.