Gemu za brauza kwenye mashine dhaifu: "hardware acceleration" iwashwe au izimwe?

Tumbili_Mtulivu: Wakuu, laptopu yangu ni Celeron, RAM GB 2, Windows 10 niliyoiweka upya hivi karibuni. Gemu za karata na za kupanga vito ndani ya Chrome zinakwama kwama, lakini Zuma ile ya mwaka 2003 inakimbia bila shida yoyote. Mmoja kaniambia nizime hardware acceleration, yaani Chrome kuchora kwa chipu ya picha, mwingine kasema niiwashe. Nani mkweli?

Chuma_Chakavu: Zima. Yangu ilikuwa inaleta skrini nyeusi kila nikifungua gemu. Nilipozima mambo yakatulia. Mashine dhaifu haina kadi ya picha ya maana, kwa hiyo usiitwishe mzigo, mwachie prosesa.

Ukindu: Mkuu Chuma, skrini nyeusi na kukwama ni magonjwa mawili. Skrini nyeusi, picha kukatika vipande au brauza kujifunga ghafla mara nyingi ni draiva mbovu, na hapo kuzima kunasaidia kweli. Huyu gemu yake inaonekana vizuri ila inakwenda kwa kusuasua. Ukimzimia, kazi yote ya kuchora inahamia kwenye prosesa ileile inayoendesha gemu, na Celeron haina nguvu ya akiba.

Tumbili, andika `chrome://gpu` kwenye sehemu ya anwani, soma orodha ya juu kabisa, "Graphics Feature Status". Utuambie mbele ya Canvas na WebGL pameandikwa "Hardware accelerated" au "Software only". Kitufe cha kwenye Settings ni ombi tu. Ukurasa huo ndio unaosema ombi limekubaliwa au la.

Nahodha77: Mnajisumbua. Huo ni mtandao wake. Gemu za brauza zinategemea intaneti.

Ukindu: Rahisi kupima. Gemu ya karata ikishafunguka yote, azime waifai aendelee kucheza. Ikiendelea kukwama vilevile, mtandao hauhusiki.

Kipanga_Mweusi: Mimi nauliza tofauti. GB 2 za RAM zama hizi? Chrome peke yake inazila kabla hujafungua gemu. Hiyo ni mashine ya kutupa, mnampotezea muda.

Binti_Kali: Kutupa? Kipanga, wewe ndiye unamnunulia nyingine? Kuna watu hiyo ndiyo mashine pekee ya nyumba nzima, mtoto anasomea hapo hapo na jioni anacheza. Kauliza swali la kiufundi, ajibiwe kiufundi.

Kipanga_Mweusi: Sijamtukana mtu. Nimesema ukweli wa RAM. Ikijaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na kama ni diski ya kuzunguka, kila kitu kinaganda. Kuwasha au kuzima kitufe hakuongezi RAM.

Binti_Kali: Hilo la RAM ungelianza nalo, tungekuelewa. Neno "kutupa" ndilo lililonichoma.

Ukindu: Kwenye RAM Kipanga yuko sahihi, na dalili zake zinajulikana. RAM ikijaa, gemu inakwenda vizuri, kisha inasimama sekunde kadhaa huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, halafu inaendelea. Uchoraji ukilemea prosesa, kukwama ni kwa mfululizo, kila karata inaposogea. Tumbili, yako ipi?

Tumbili_Mtulivu: Ni mfululizo, kila karata. Nimezima waifai, hali ileile. Nimewasha kile kitufe nikafungua Chrome upya, nikazima nikafungua upya, sioni tofauti hata kidogo. Kwenye `chrome://gpu` karibu kila mstari ni "Software only", hata kitufe kikiwa kimewashwa.

Ukindu: Kutoona tofauti ni jibu tosha. Maana yake chipu ya picha haitumiki kabisa, uwashe usiwashe. Fungua Device Manager, kisha Display adapters. Pameandikwa nini?

Tumbili_Mtulivu: "Microsoft Basic Display Adapter".

Ukindu: Basi hapo ndipo penye tatizo. Ulipoweka Windows upya, draiva ya Intel haikuingia. Ile ya Microsoft ni ya kukuwezesha kuona skrini tu, haimpi Chrome chipu ya kuchorea. Chukua jina la modeli ya laptopu, pakua draiva ya picha kutoka ukurasa wa aliyeitengeneza, iweke, washa mashine upya. Ndipo uwashe "Use graphics acceleration when available" na usome tena ule ukurasa.

Chuma_Chakavu: Na wale ambao draiva ipo lakini bado ni software? Nina kile kilaptopu kidogo cha Atom N270. Kuna mtu alisema niingie `chrome://flags/#ignore-gpu-blocklist` niwashe.

Ukindu: Hiyo ina GMA 950, chipu ya zama za XP. Kuna kazi za michoro ambazo haina kabisa vifaa vyake, inamrudishia prosesa. Chrome ina orodha ya chipu na draiva inazozikataa kwa sababu ziliangusha brauza za watu, na ukilazimisha unaweza kurudi kwenye zile skrini zako nyeusi. Kwa hiyo, Chuma, kwako kuzima ni sawa, ila usiwape wengine kama dawa ya wote. Punguza dirisha la brauza badala yake. Zuma ya Tumbili inachorwa kwenye 640 kwa 480, nukta kama 307,000. Skrini ya 1366 kwa 768 ina zaidi ya milioni moja. Prosesa ikichora peke yake, mara tatu hizo unazihisi. Gemu iliyofungwa kwenye ukubwa mmoja haitabadilika sana, lakini nyingi hubadilika.

Nahodha77: Tatizo ni watengenezaji wa siku hizi. Enzi za Flash gemu ilikuwa ndogo na ilikimbia kwenye mashine yoyote. Wameiua Flash kwa makusudi ili tununue kompyuta mpya.

Binti_Kali: Flash hiyohiyo iliyokuwa inapandisha feni mpaka meza inatetemeka? Ilikuwa na matundu ya usalama kila kukicha, ndiyo maana Adobe wakaifunga mwisho wa 2020.

Nahodha77: Wewe hukucheza za zamani, huwezi kujua.

Binti_Kali: Nimezicheza, na bado nazicheza kwa Ruffle, programu inayoigiza Flash. Tena kwenye mashine dhaifu baadhi zinakwenda polepole kuliko zilivyokwenda na Flash yenyewe, kwa hiyo hiyo mizani yako inabadilika kulingana na gemu.

Kipanga_Mweusi: Nahodha ana hoja kwenye uzito. Gemu ya vito iliyojengwa kwa Unity inabeba injini nzima kwa ajili ya vito tu.

Tumbili_Mtulivu: Nimerudi. Draiva ya Intel imeingia, sasa Canvas na WebGL ni "Hardware accelerated". Karata zinateleza bila kukwama. Ya vito, ambayo inaonyesha nembo ya Unity ikifunguka, inacheza vizuri kwa dakika chache halafu inaganda, taa ya diski inawaka, mara nyingine Chrome inaandika "Aw, Snap!".

Kipanga_Mweusi: Hiyo sasa ndiyo RAM.

Ukindu: Naam, hiyo ni RAM. Bonyeza Shift+Esc ndani ya Chrome, angalia safu ya Memory, funga kila kichupo na kiendelezi kisichohusika. Ikishindwa bado, gemu hiyo iache.

Nahodha77: Au arudi kwenye Zuma. Niliwaambia za zamani ndizo gemu.

Binti_Kali: Wewe ulisema ni mtandao.