Naomba ushauri: barua ya kupunguziwa saa za kazi nisome

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni karani wa hesabu Dar, nafanya saa 45 kwa wiki, ukomo wa kisheria kabla ya ovataimu. Nataka kusomea CPA, mitihani ya Novemba. Rasimu yangu inasema hivi:

"Naomba saa zangu zipungue hadi 34 kwa wiki. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nitafanya kama kawaida, saa 2 asubuhi hadi 11 jioni. Jumanne na Alhamisi nitatoka saa 7 mchana, na Jumamosi sitakuja. Wiki ya kufunga hesabu za mwezi nitafanya saa zote. Mpango uishe 30 Novemba, nirudi saa 45."

Kinachonisumbua ni mshahara. Kwa uwiano wa saa, 900,000 inashuka hadi 680,000, na michango ya NSSF inashuka nayo. Niitaje mwenyewe hiyo 680,000, au nimwache bosi aanze? Na kurudi saa 45, barua iliyosainiwa inatosha, au nidai nyongeza ya mkataba? HR wetu ni mwepesi wa kusahau ahadi za mdomo.