Hatifungani ya miaka 25 imeshuka hadi 81.7, dalali ananitajia 7.4: hii namba ni ya nini?

Mama Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya. Mwaka 2022 niliuza kiwanja nikanunua hatifungani ya serikali ya miaka 25, kuponi asilimia 12.56, ya milioni 20, kwa bei ya 100. Kila miezi sita naingiziwa 1,256,000 bila usumbufu. Sasa nataka kujenga ghala la viazi, nikampigia dalali wa Dar aniuzie. Kanijibu kwamba wanunuzi siku hizi wanataka asilimia 15.5, kwa hiyo bei ni 81.7. Milioni 20 yangu inageuka milioni 16.3! Nilipolalamika akanitumia meseji fupi: "Duresheni yake ilikuwa 7.4, ndiyo maana."

Nimechukua kikokotoo. Riba imepanda kwa 2.94, nikizidisha kwa 7.4 napata 21.8. Mbona bei yake imeshuka 18.3 tu? Na hiyo 7.4 inatoka wapi wakati karatasi imebakiza miaka 22? Naombeni mnisaidie kabla sijasaini.

Kijana wa Mwanjelwa:
Dada, usiuze. Hiyo ni hasara ya kwenye karatasi tu, ukivumilia mpaka mwisho serikali inakurudishia milioni 20 yako yote. Hatifungani ndefu ndiyo inayumba zaidi, kila mtu anajua. Miaka 22 iliyobaki maana yake riba ikipanda asilimia moja unapoteza 22. Sijui hiyo 7.4 kaitoa wapi.

Makambako Mbao:
Mimi nilishauriwa hivihivi na benki kuhusu riba ya mkopo kupanda. Dada, kwani mkopo wako una riba inayobadilika? Kama ni hivyo waombe waifunge.

Mama Uyole:
Kaka sina mkopo wowote. Nauza hatifungani.

Mzee wa Tukuyu:
Binti yangu, shikamoo nimeipokea hata kama hukuiandika. Nimefanya kazi ya hesabu za fedha miaka mingi kabla ya kurudi kwenye migomba, ngoja nikueleze taratibu.

Kijana yuko sahihi kwamba ndefu inayumba zaidi, ila ile 22 siyo. Angalia pesa yako inarudi lini. Kwa riba ya 12.56, ile 100 ya mwisho utakayolipwa baada ya miaka 22 leo ina thamani ya shilingi 6.86 tu. Basi! Katika kila 100 uliyoweka, zaidi ya 93 ni kuponi. Na kuponi za miaka 8 ya kwanza peke yake zinabeba 62. Kwa hiyo pesa yako haikusubiri miaka 22, sehemu kubwa inarudi mapema.

Ukichukua kila malipo, ukazidisha muda wake kwa thamani yake ya leo, ukajumlisha na kugawa kwa bei, unapata miaka 7.88. Wastani huo ndio duresheni, aliuweka mchumi Macaulay mwaka 1938. Halafu unagawa kwa 1.0628, yaani moja jumlisha nusu ya riba ya mwaka kwa sababu unalipwa mara mbili kwa mwaka, unapata 7.4. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotabiri bei: riba ya soko ikipanda kwa asilimia moja, bei inashuka karibu asilimia 7.4.

Neno "karibu" ndilo jibu la swali lako la pili. Namba hiyo inasema kweli kwa mabadiliko madogo. Riba inapopanda, kuponi na mtaji wa mbali vinapungua thamani haraka kuliko vya karibu, kwa hiyo uzito unahamia kwenye malipo ya mapema na duresheni yenyewe inapungua. Ukikokotoa upya kwa 15.5 unapata kama 6.3. Wewe umetumia 7.4 njia nzima, ndiyo maana ukapata hasara kubwa kuliko halisi. Dalali hajakudanganya: nimekokotoa malipo yote 44 yaliyobaki kwa 15.5, inatoka 81.74.

Kalenga:
Kamwene wana Mbeya. Mimi niko Iringa mjini, nina ile ya miaka 5, imebakiza miaka 2. Riba hizohizo zimepanda na mimi sijaumia kihivyo. Nilidhani nilibahatika.

Mzee wa Tukuyu:
Kalenga, si bahati. Iliyobakiza miaka 2 duresheni yake ni kama 1.8. Riba ikipanda 3, unapoteza kama asilimia 5. Na kadiri siku zinavyokwenda inazidi kupungua yenyewe bila wewe kufanya lolote.

Kijana wa Mwanjelwa:
Sawa mzee, nimekuelewa kwenye 22. Lakini bado nasema hasara haipo kama hauzi.

Mzee wa Tukuyu:
Shilingi atarudishiwa zote, hapo sibishani na wewe. Ila leo hii mtu mwingine akiweka milioni 16.35 sokoni anapata karatasi yenye malipo yaleyale ya dada. Dada akikaa nayo analipwa 2,512,000 kwa mwaka, ambayo kwa thamani ya leo ni asilimia 15.4. Kwa hiyo kuuza hakumwongezei hasara, na kukaa hakuifuti. Ilishatokea riba ilipopanda.

Swali lake la kweli ni jingine: ghala litamlipa zaidi ya 15.5 kwa mwaka? Hilo duresheni haiwezi kulijibu.

Mama Uyole:
Asante sana mzee, shikamoo. Sasa nikisubiri miezi michache, riba ikishuka?

Mzee wa Tukuyu:
Marahaba. Zikishuka hadi 14.5, bei yako inakwenda 87.2, yaani kama milioni 17.45. Zikipanda hadi 16.5 inakwenda 76.9, milioni 15.37. Umeona kupanda kwa bei ni kukubwa kuliko kushuka? Ni mkunjo, yaani kule kubadilika kwa duresheni kulikokuchanganya kwenye kikokotoo, na unafanya kazi upande wako. Lakini riba itaelekea wapi, mimi sibashiri.

Kalenga:
Dada, muulize dalali kama hiyo 81.7 ina riba iliyokwishajikusanya tangu kuponi ya mwisho, au inaongezwa juu. Kama umebakiza wiki chache kulipwa, hiyo ni karibu milioni nzima. Na soko letu hizi karatasi ndefu siku nyingine hazina mnunuzi wa kutosha, anaweza kukutajia 81.7 ukapata 80. Duresheni haina habari na hilo.

Makambako Mbao:
Samahani dada kwa swali langu la mwanzo, nilisoma vibaya. Lakini kuhusu mkopo: baadhi ya benki zinakubali hatifungani kama dhamana. Ukikopa milioni 8 kwa 17, riba ya mwaka ni 1,360,000, na kuponi yako inaitosha. Karatasi inabaki yako.

Mzee wa Tukuyu:
Hapo sina hakika nakubaliana. Anakopa kwa 17 huku anashika kitu kinachompa 15.5, anapoteza kila mwaka kwenye hizo milioni 8. Inalipa tu kama anaamini riba za soko zitashuka, na akikosea bei itamdondokea akiwa bado anadaiwa.

Makambako Mbao:
Lakini mzee akiuza, akija kutaka kurudi atainunua kwa bei gani?

Mama Uyole:
Nimempigia dalali: 81.7 ni bila riba iliyojikusanya, na kuponi inaingia mwezi ujao. Nimemwambia aniulizie na kuuza nusu tu, ya milioni 10. Hajanijibu kama kuna mnunuzi wa kiasi hicho.