Songea siyo Songwe! Skripti ya kukisia mikoa imetuharibia usajili mzima

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Nimekabidhiwa faili la usajili wa wakulima, 2014 hadi 2019, mistari 4,200. Kolamu ya mkoa kila mtu kaandika anavyojua: "DSM", "dar es salaam", "D'Salaam", "RUVUMA ", "Songea". Hilo navumilia, maana waandikishaji waliachiwa kisanduku kitupu badala ya orodha ya kuchagua. Nisichovumilia ni alichofanya aliyenitangulia. Alichukua orodha ya mikoa 31, akaiachia kompyuta itafute jina linalofanana, akafunga kazi.

```python
difflib.get_close_matches("Songea", mikoa, n=1)
# ['Songwe']
```

Songea iko Ruvuma! Wakulima 118 wamehamishwa mkoa na mgao wa mbegu umeshapangwa hivyo. Nimegundua baada ya kuweka kolamu ya zamani kando ya mpya na kuhesabu kila jozi. Kazi ya dakika tano, hakuifanya. Na kolamu ya awali aliifuta, nimeifukua kwenye fomu ghafi.

Kibogoyo: Pole mkuu. Mbona rahisi, piga TRIM na PROPER kwenye Excel, yote yananyooka.

Bi Jedwali: Hayanyooki. PROPER inakupa "Dar Es Salaam", E kubwa, ukifika pandas una lebo mbili. TRIM nayo haiondoi ile nafasi ya CHAR(160) inayokuja ukinakili kutoka mtandaoni. Andika kamusi kwa mkono, kushoto kila umbo kwa herufi ndogo, kulia lebo moja. "songea" iende Ruvuma kwa sababu wewe unaijua Songea. Halafu:

```python
k = df["mkoa"].str.strip().str.lower().map(kamusi)
df.loc[k.isna(), "mkoa"].value_counts()
```

Usiruke mstari wa pili. Umbo lisilomo kwenye kamusi linageuka NaN, na groupby huzitupa NaN kimyakimya, jumla inapungua hujui kwa nini. Kufananisha herufi kubaki kwa kupendekeza tu, mtu athibitishe.

Mama Stoo: Hata mimi dukani, "Sembe 2kg", "SEMBE KG 2", "sembe kilo mbili". Kuna programu ya kusahihisha imla nipakue?

Mwanzisha uzi: Imla haitakusaidia dada. "Sembe 2kg" na "Sembe 5kg" zinapishana tarakimu moja, na ni bidhaa mbili tofauti. Ndiyo yaleyale ya Songea.

Bi Jedwali, asante. Kamusi imefika maumbo 87, yamebaki sita. Kinachonikwamisha ni fomu za 2014 zenye "Mbeya", wilaya Mbozi. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya 2016, kwa hiyo aliyeandika hakukosea.

Bi Jedwali: Usiiguse. Ongeza kolamu `mkoa_sasa`, uijaze kwa kufuata wilaya.

Kibogoyo: Si uiweke yote Songwe tu?

Mwanzisha uzi: Hapana! Mbeya bado ipo, na mistari 43 haina wilaya kabisa. Hiyo `mkoa_sasa` naiacha tupu mpaka nipate madaftari ya vijiji.